Mbali, Karibu au Kiasi Gani? Istilahi za Vipimo vya Picha za Filamu na Funzo la Mpwapwa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati unaotumika kutaja vipimo vya picha za filamu, kuanzia picha pana kupita zote hadi picha inayojaza fremu kwa kiungo kimoja cha mwili. Hoja kuu ni kwamba istilahi za Kiswahili zilizojengwa juu ya maneno mbali na karibu zinaeleza mahali aliposimama mtazamaji, ilhali kipimo cha picha ni uwiano kati ya fremu na kile kinacholengwa. Hoja hiyo inajengwa kwa kurejelea filamu za elimu zilizotengenezwa Tanganyika katika miaka ya 1930, hususan ile iliyopigwa Mpwapwa kuhusu mafunzo ya utabibu wa mifugo. Makala yanaonyesha kuwa kutotofautisha umbali na uwiano kuliwafanya watengenezaji wa filamu wa enzi ya ukoloni kuwadhania watazamaji ujinga, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kisarufi za kuepuka kosa hilo.

1.0 Utangulizi

Anayesikiliza mazungumzo ya wapiga picha wa filamu kazini, iwe Dar es Salaam au Dodoma, husikia maneno matatu yakirudiwa: waidi, midiamu na klozapu. Anayefungua vitabu na miswada ya mihadhara kuhusu filamu hukuta maneno mengine: picha ya mbali, picha ya kati na picha ya karibu. Kwa haraka seti ya pili huonekana kuwa tafsiri ya ile ya kwanza. Sivyo ilivyo. Waidi ni neno la upana, klozapu ni neno la ukaribu, na midiamu ni neno la daraja lisilosema ni daraja la nini. Mfasiri aliyeandika picha ya mbali mahali pa waidi amefanya uamuzi wa kinadharia, pengine bila kuutambua. Amehamisha suala kutoka katika fremu na kulipeleka kwenye miguu ya mpiga picha.

Katika makala haya, kipimo cha picha maana yake ni kiasi cha kilengwa kinachoingia ndani ya fremu, pamoja na kiasi cha mazingira kinachobaki kukizunguka. Kilengwa ni mtu, mnyama au kitu ambacho picha imekusudiwa kukionyesha. Fasili hii inaonekana nyepesi, lakini ina tokeo moja ambalo sehemu zote zinazofuata zitalifuatilia: hakuna picha iliyo kubwa, ndogo, ya mbali au ya karibu yenyewe kwa yenyewe. Ni lazima kwanza ijulikane ni picha ya nini.

2.0 Lugha Nne za Kipimo Kimoja

Tofauti za lugha katika kutaja kipimo cha picha ziliwahi kuzingatiwa na mtengenezaji filamu wa Kirusi, Sergei Eisenstein, katika insha yake ya mwaka 1944 kuhusu Dickens, Griffith na filamu. Alibainisha kwamba Mmarekani anapopiga uso ukajaza skrini husema amesogea karibu, ilhali Mrusi kwa picha ileile husema amepiga kwa ukubwa. Mfaransa naye yuko upande wa Mrusi, kwani istilahi yake hutaja unene wa picha. Kwa Eisenstein hilo halikuwa jambo la kamusi peke yake. Ukaribu ni habari ya kuona: mtu amekisogelea kitu akakitazama vizuri zaidi. Ukubwa ni habari ya thamani: kitu kimekuzwa kwa sababu kina uzito katika maana ya filamu.

Kuna lugha ya tatu, ile ya upana, ambayo haisemi habari za mtazamaji wala za kilengwa bali za eneo lililochukuliwa. Ya nne ni lugha ya mwili. Wafaransa hutaja picha ya kiuno na picha ya kifua, yaani hutaja mahali ambapo ukingo wa chini wa fremu unaukata mwili wa binadamu aliyesimama. Picha inayokata kwenye mapaja au magoti waliiita ya Kimarekani, kutokana na filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani zilizowaonyesha watu hivyo.

Kati ya lugha hizi nne, ile ya umbali ndiyo inayopotosha zaidi, na sababu yake ni ya kihesabu. Kimo cha eneo linaloingia kwenye fremu ni takriban umbali wa kilengwa ukizidishwa kwa kimo cha fremu ndani ya kamera, kisha ukagawanywa kwa urefu wa fokasi ya lenzi. Katika filamu ya milimita 16, fremu ina upana wa milimita 10 hivi na kimo cha milimita 7.5. Kwa lenzi ya kawaida ya milimita 25, mtu mzima aliyesimama, pamoja na nafasi kidogo juu ya kichwa na chini ya nyayo, anahitaji eneo lenye kimo cha mita 2. Kamera itasimama karibu mita 6.7 kutoka kwake. Ikiwekwa lenzi ya milimita 75, mtu yuleyule ataijaza fremu vilevile kamera ikiwa mita 20. Umbali umeongezeka mara tatu, ila kipimo cha picha hakikubadilika hata kidogo.

Kinachobadilika ni vitu vilivyo nyuma yake. Kwa lenzi ndefu, mlima ulio nyuma ya mtu utaonekana umevutwa ukamkaribia. Kwa lenzi fupi utaonekana mdogo na wa mbali. Kwa hiyo umbali una habari yake katika picha, na habari hiyo ni ya muhimu, lakini si habari ya kipimo. Istilahi inayochanganya mambo haya mawili humnyima mwanafunzi uwezo wa kuuliza swali sahihi pale picha yake inapokosa kueleweka: je, nimekosea mahali pa kusimama, au nimekosea kiasi cha kuonyesha?

3.0 Kamera Inafika Mpwapwa

Swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee Tanganyika katika miaka ya 1930. Mwaka 1929 mwanabiolojia Julian Huxley alizunguka Afrika Mashariki akiwaonyesha watazamaji Waafrika filamu za elimu, na aliporudi alieleza kwamba walikuwa na uwezo wa kuzielewa. Mwaka 1935 ulianza mradi mkubwa zaidi, Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, ambalo hujulikana kwa ufupisho wa BEKE. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe. Lilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misioni na kufadhiliwa hasa na Shirika la Carnegie la New York. Meja L. A. Notcutt aliongoza upande wa utengenezaji, na G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika huko Rodesia ya Kaskazini, aliongoza upande wa elimu.

Hadi jaribio lilipokoma mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu 35 za milimita 16. Sauti haikuwa kwenye utepe wa filamu. Ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, hivyo picha zilezile ziliweza kuambatanishwa na maelezo ya Kiswahili au ya lugha nyingine kulingana na mahali zilipoonyeshwa. Jambo hili lina maana kwa hoja ya makala haya. Picha ilibaki moja, maneno ndiyo yaliyobadilishwa. Kila kilichohitaji kueleweka bila kutegemea maneno kilipaswa kukaa ndani ya kipimo cha picha.

Miongoni mwa filamu chache za BEKE zilizosalia hadi leo ni ile ya mwaka 1936 iliyopigwa Mpwapwa, ambayo jina lake la Kiingereza linatafsirika kama Mafunzo ya Utabibu wa Mifugo kwa Wenyeji wa Afrika. Mpwapwa haikuchaguliwa kwa bahati. Mji huo mdogo chini ya milima ya Kiboriani, kando ya njia ya zamani ya misafara na si mbali na stesheni ya Gulwe kwenye reli ya kati, ulikuwa kitovu cha kazi za mifugo tangu utawala wa Wajerumani, na hadi sasa una taasisi ya utafiti wa mifugo. Kuuzunguka kuna Ugogo, nchi ambayo ng'ombe ni mali, mahari na heshima. Aliyefunzwa hapo alitarajiwa kurudi kwa wafugaji akiwa na ujuzi wa kutambua maradhi.

Mafunzo ya namna hiyo yanaupima msamiati wa picha kuliko mada nyingine nyingi, kwa sababu mambo ya kuonyeshwa yanatofautiana mno kwa ukubwa. Malisho yanaenea kilomita nyingi. Kupe ni wa milimita chache. Kati ya viwili hivyo kuna kundi, ng'ombe mmoja, mtu anayemshika, mkono wake na uso wake. Sehemu inayofuata haielezi mpangilio wa filamu ya mwaka 1936. Inachukua kazi moja ya aina iliyofundishwa mahali kama Mpwapwa, yaani kumchunguza ng'ombe anayeshukiwa kuwa na ndigana kali, na kuishusha ngazi kwa ngazi ili ionekane kila kipimo kinasema nini na kinanyamazia nini.

4.0 Ngazi za Kipimo: Kutoka Kiboriani hadi Sikioni

Ngazi ya kwanza ni picha pana kupita zote. Kilengwa, ikiwa ni mtu au mnyama, ni nukta ndani ya nchi. Milima ya Kiboriani iko juu, tambarare iko chini, na kundi linaonekana kama vumbi linalosogea. Picha hii inaonyesha hali: ukame, umbali wa maji, uwazi wa malisho ambako makundi ya wafugaji mbalimbali hukutana. Kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, kukutana huko kwa makundi ndicho chanzo cha tatizo, na hakuna kipimo kingine kinachoweza kukionyesha. Lakini picha hii haiwezi kumtambulisha yeyote. Aliye ndani yake hana jina.

Ngazi ya pili, picha pana, inaleta zizi zima na watu walio ndani yake. Hapa mtazamaji anaona nani yuko wapi: mwenye mifugo kaegemea boma, mwanafunzi wa utabibu yuko katikati, ng'ombe mmoja kajitenga na wenzake. Kujitenga kwa mnyama ni dalili, na dalili hiyo ni ya mahali. Ikipigwa kwa kipimo kidogo zaidi hupotea, kwa kuwa mnyama aliye peke yake kwenye fremu hawezi kuonekana amejitenga na lolote.

Ngazi ya tatu ni picha ya mwili mzima. Kilengwa kinagusa karibu na kingo za juu na chini za fremu. Hiki ni kipimo cha mwendo na mkao: ng'ombe anainamisha kichwa, anasimama kwa uzito, mbavu zinapanda na kushuka haraka. Ndipo tatizo la istilahi za mwili linapojitokeza. Mtu aliyesimama ni mrefu kuliko alivyo mpana, naye ng'ombe ni mrefu kwa kulala. Fremu yenye upana wa milimita 10 kwa kimo cha milimita 7.5 inamtoshea ng'ombe kwa ubavu kuliko inavyomtoshea binadamu. Picha inayoonyesha mwili mzima wa ng'ombe kwa kumjaza inaweza kumkata kichwani mtu aliyemshika. Kwa ng'ombe ni picha kamili. Kwa mtu huyo si kipimo chochote kinachotambulika, ni kosa.

Ngazi ya nne na ya tano, picha ya magoti na picha ya kiuno, ni ngazi za kazi. Mikono yote miwili imo ndani, pamoja na kile inachokishika, na uso bado unasomeka. Mtazamaji anaweza kuunganisha tendo na mtendaji katika mtazamo mmoja: mwanafunzi anapapasa chini ya sikio la ng'ombe, ambako tezi huvimba katika ndigana kali, huku uso wake ukionyesha kwamba amelipata alilolitafuta. Picha za ngazi hizi ndizo zenye manufaa makubwa katika filamu ya mafunzo, lakini zina mpaka. Zinaonyesha kwamba tezi inapapaswa. Hazionyeshi kwamba imevimba.

Ngazi ya sita ni picha ya kifua na ya saba ni picha ya uso. Katika picha ya kifua mtu anasema. Katika picha ya uso anawaza. Kadiri fremu inavyopanda kutoka kiunoni, mikono hutoka, kazi hutoka, na anayebaki ni mtu mwenyewe. Mwenye ng'ombe akielezwa kwamba mnyama wake anaweza kufa, habari ya tukio hilo haiko zizini wala kwenye tezi. Iko machoni pake. Mtengenezaji filamu asiyefika katika ngazi hii amemwonyesha mfugaji kama sehemu ya zizi.

Ngazi ya mwisho ni picha inayojaza fremu kwa kiungo au kitu kimoja: jicho, ncha ya kidole, kupe ndani ya sikio. Ili kupe aonekane wazi, eneo la kimo cha milimita 15 hivi ndilo linalopaswa kuijaza fremu. Kwa lenzi ya milimita 25, hesabu inaiweka lenzi kiasi cha sentimita 7.5 tu kutoka sikioni, tena kwa kutumia pete ya kuisogeza lenzi mbele. Kwa umbali huo kamera yenyewe inaweza kutia kivuli, na ng'ombe akitikisa sikio kidogo tu, kupe hutoka katika eneo lililo wazi. Ugumu huu wa kiufundi huwafanya wengi kumtoa kupe mwilini na kumpiga picha juu ya karatasi nyeupe mezani. Picha huwa safi, ila huwa imepoteza sikio, na pamoja na sikio imepoteza funzo: kwamba kupe huyu hukaa hapo.

5.0 Mbu Mkubwa na Kuku wa Pembeni

Kuna kisa kilichosimuliwa sana miongoni mwa watengenezaji filamu wa makoloni. Filamu ya malaria ilionyesha mbu akijaza skrini. Watazamaji wakasema kwamba wao hawana hofu, kwa kuwa mbu wa kwao ni wadogo. Kisa hicho kilitolewa kama uthibitisho kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kusoma picha iliyokuzwa. William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nigeria kabla ya kuongoza Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoanzishwa mwaka 1939, alijenga nadharia nzima juu ya dhana ya aina hiyo. Katika maandishi yake ya mwaka 1941 alisisitiza mwendo wa polepole, picha ndefu, mfuatano usiorukwa, kuepuka hila za kamera, na kuondoa ndani ya fremu kila kisichohitajika.

Iwe kisa cha mbu kilitokea au kilitungwa, jibu linalodaiwa kutolewa na watazamaji lilikuwa sahihi kiisimu. Kupe mwenye milimita 5 katika eneo la milimita 15 huchukua theluthi moja ya kimo cha fremu. Kwenye skrini yenye kimo cha mita 1.8 atakuwa na sentimita 60. Ikiwa hakuna kitu kingine ndani ya fremu kinachojulikana ukubwa wake, na ikiwa picha iliyotangulia haikuonyesha mahali alipotolewa, basi picha imetamka kwamba kuna mdudu wa sentimita 60. Haikutamka kwamba amekuzwa. Mtazamaji wa London hutambua ukuzaji kwa sababu amekwisha ona picha nyingi za aina hiyo, si kwa sababu picha yenyewe imesema.

Hapa ndipo lugha ya umbali ilipowapotosha watengenezaji. Kwao hiyo ilikuwa picha ya karibu, na ukaribu ni jambo ambalo kila mwenye macho analijua: kitu kikisogea huonekana kikubwa. Lakini hakuna anayeweza kumsogelea mbu hadi akawa na urefu wa mkono. Walichokifanya hakikuwa kusogea, kilikuwa kubadilisha uwiano, na uwiano huhitaji pande mbili. Dawa yake ni rahisi, na wala haihitaji nadharia ya akili za watu. Ncha ya kidole ikiwekwa kando ya kupe, kipimo kimekwisha tajwa. Ngazi zikishukwa kwa utaratibu, kichwa cha ng'ombe, kisha sikio lililoshikwa na vidole, kisha kupe na kidole kimoja, mtazamaji yeyote anafuata. Njia ya kutambua kosa ni rahisi vilevile: picha ikitazamwa peke yake, bila maelezo, je, kuna kitu ndani yake chenye ukubwa unaojulikana?

Kisa cha pili kinatoka upande wa pili wa ngazi. Mwaka 1961 John Wilson, wa Chuo Kikuu cha London, aliandika kuhusu filamu ya usafi iliyomwonyesha mkaguzi wa afya akifukuza maji yaliyotuama karibu na nyumba. Watazamaji wa kijijini walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kuwa na kuku ndani yake. Walipoikagua fremu baada ya fremu walimkuta: alipita kwa muda wa sekunde moja hivi kwenye pembe ya chini ya picha. Marshall McLuhan alikieneza kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1962 akikitumia kuonyesha kwamba wasiojua kusoma hawaitazami picha nzima.

Kwa mtazamo wa kipimo, kisa hiki kinasema jambo tofauti. Picha pana haina kilengwa kimoja kinacholazimishwa na fremu. Mkaguzi alikuwa kilengwa katika nia ya mtengenezaji; ndani ya fremu alikuwa mmoja kati ya vitu vingi. Watu wanaoishi na kuku walimwona kuku. Vivyo hivyo, picha pana ya zizi la Mpwapwa ingetazamwa na mfugaji wa Kigogo kwa namna ambayo mpiga picha asingeitarajia. Angemtazama ng'ombe mwenye rangi fulani, angehesabu ndama, angetambua alama sikioni, na huenda asimwone kabisa mwanafunzi mwenye sindano. Huko si kushindwa kusoma. Ni kusoma kwa ujuzi kuliko wa aliyepiga picha. Mapendekezo ya Sellers ya kuondoa vitu ndani ya fremu yalikuwa, kwa lugha nyepesi, kukiri kwamba picha pana husema mengi kuliko mwenye filamu anavyotaka.

6.0 Uso Unapoingia

Kuna suala moja ambalo hesabu ya lenzi haiwezi kulijibu: nani alistahili kipimo gani. Filamu ya mafunzo, kwa jinsi ilivyopangwa, ina sababu ya kushuka hadi kwenye kupe, mdudu, tezi au chombo, na ina sababu ya kupanda hadi kwenye shamba na zizi. Haina sababu ya kukaa usoni. Mtu ndani yake ni mkono wenye ujuzi au mkono usio na ujuzi. Anapohitajika, picha ya kiuno inamtosha. Mpangilio huo hauhitaji dharau ya mtu mmoja mmoja ili ufanye kazi yake. Umo katika lengo la filamu yenyewe.

Mabadiliko yalikuja pale filamu za Kiswahili zilipoanza kusimulia hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za hadithi zenye waigizaji Waafrika, miongoni mwake Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, ambamo Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika miaka kumi baadaye, aliigiza. Muhogo Mchungu ni hadithi ya mtu wa shamba anayekuja mjini na kulaghaiwa. Hadithi ya ulaghai haiwezi kusimuliwa kwa mikono na zana. Ni lazima mtazamaji amwone anayedanganya akijua kwamba anadanganya, na amwone anayedanganywa akiamini. Ujuzi na imani havina mahali pengine pa kuonekana ila usoni. Kwa hiyo haja ya picha ya uso haikuletwa na ufundi mpya, kwa kuwa lenzi zilikuwapo tangu Vugiri na Mpwapwa. Ililetwa na aina mpya ya kilengwa: Mwafrika mwenye jambo moyoni.

Hili linarudisha hoja ya Eisenstein kwa njia nyingine. Aliyeita picha ya uso kuwa ya karibu husema kwamba mtazamaji amesogea. Aliyeiita kubwa husema kwamba uso umepewa uzito. Katika historia ya filamu za Tanganyika, kauli ya pili ndiyo yenye maelezo. Kamera ilikwisha kuwa karibu mno na Waafrika, kwa sentimita chache, ilipokuwa ikitafuta vimelea. Kilichokuwa hakijafanyika ni kuupa uso ukubwa.

7.0 Hitimisho: Nguvu ya Kihusishi -a

Kiswahili hakihitaji kuchagua lugha moja kati ya zile nne na kuzitupa nyingine. Upana unafaa ngazi za juu, kwa kuwa huko eneo ndilo linalotawala: picha pana sana, picha pana. Mwili unafaa ngazi za kati kwa kilengwa kilicho binadamu: picha ya mwili mzima, ya magoti, ya kiuno, ya kifua, ya uso. Kwa ngazi ya mwisho linatosha jina la kitu chenyewe: picha ya jicho, picha ya kidole, picha ya kupe. Maneno mbali na karibu yabaki na kazi yao halali, yaani kueleza mahali kamera iliposimama, ili mwalimu aweze kumwambia mwanafunzi apige picha ya uso kutoka mbali na mwanafunzi aelewe kwamba anahitaji lenzi ndefu, wala hajaambiwa jambo linalojipinga.

Zaidi ya uchaguzi wa maneno, kuna suala la muundo. Katika picha ya karibu, kihusishi -a kimejazwa kielezi cha mahali, na kilengwa kimeachwa nje ya istilahi. Katika picha ya uso, nafasi hiyohiyo ya kisarufi imekaliwa na kilengwa. Muundo wa pili hukubali kuendelezwa: picha ya uso wa mfugaji, picha ya uso wa ng'ombe, picha ya sikio la ng'ombe na vidole vya mfugaji. Kila nyongeza hutaja upande mwingine wa uwiano, na istilahi ya mwisho kati ya hizo tatu imekwisha kuitatua shida ya mbu mkubwa kabla kamera haijawashwa, kwa sababu haimruhusu mpiga picha kukisahau kidole.

Vilevile muundo huo unafichua kisichotajwa. Orodha ya picha za filamu ya mafunzo ikiandikwa kwa maneno pana, kati na karibu, haiwezekani kujua kama kuna binadamu yeyote ndani yake. Ikiandikwa picha ya zizi, picha ya mkono, picha ya tezi, picha ya kupe, msomaji anaona mara moja kwamba mwenye ng'ombe hayumo.